Jinsi ya Kumfukuza Kazi Mlinzi wa Mashati

Karibu kila shule ya msingi ina kazi moja ambayo haitangazwi popote na haikosi mtu: ulinzi wa mashati. Kipindi cha michezo kikianza, watoto wanavua mashati na ndala, wanavirundika chini ya mti, na mtoto mmoja anaambiwa akae hapo aviangalie. Sifa za mwombaji zinajulikana bila kuandikwa. Awe na kiti mwendo, au magongo, au macho yasiyoona mbali, au awe anachelewa kushika kanuni. Mkataba ni wa miaka yote ya shule ya msingi. Akifanya kazi vizuri hupandishwa cheo: anapewa filimbi, au daftari la kuandikia magoli, na anaitwa refa msaidizi. Nilimkuta mvulana wa darasa la 5 aliyekuwa refa msaidizi tangu darasa la 2, na katika muda wote huo hakuwahi kuushika mpira ila siku ulipobingirika wenyewe hadi alipoketi.

Mwongozo huu, mwalimu mwenzangu, ni wa kumwachisha kazi hiyo ndani ya wiki tatu, kwa mchezo mmoja tu na bila kuomba fedha kwa mtu yeyote.

Chombo tutakachotumia kimeenezwa na walimu wa elimu ya viungo wa Uingereza, na kina maneno manne: nafasi, kazi, vifaa, watu. Kwa Kiingereza herufi za mwanzo za maneno hayo zinaunda neno lenye maana ya hatua, ndiyo maana wao hawalisahau. Sisi tunabaki na N, K, V na W, ambazo hata malenga hawezi kuzitamka kwa pamoja, kwa hiyo mimi nahesabia vidoleni, na kidole gumba nakiachia swali la tano litakalokuja mbele. Nafasi ni pale mnapochezea: ukubwa wake, ardhi yake, mwanga wake. Kazi ni kile mchezaji anachotakiwa kufanya, pamoja na kanuni za nani katoka na nani kabaki. Vifaa vinajieleza. Watu ni nani anacheza na nani, wangapi kwa wangapi. Ukiona mtoto hachezi, acha kuuliza ana ulemavu gani. Uliza ni lipi kati ya hayo manne linalomzuia, kwa sababu ulemavu wake huna uwezo wa kuubadilisha leo saa nne asubuhi, lakini umbali wa mstari unaweza.

Mchezo nitakaoutumia ni rede. Kila mtaa una kanuni zake, ila kwetu ni hivi: warushaji wawili wanasimama wakitazamana, wachezaji wako katikati, na mpira wa soksi unarushwa huku na huku kuwalenga. Anayeguswa anatoka. Aliye katikati anakwepa, na huku akikwepa anachota mchanga na kuujaza kwenye chupa. Chupa ikijaa, ameshinda. Nimeuchagua kwa sababu kila mtoto anaujua tangu nyumbani, na kwa sababu ni mchezo mkali. Ukiweza kuupanga upya bila kuuvunja makali yake, mingine haitakushinda.

Darasa lenyewe lilikuwa na watoto 48. Wawili walikuwa kwenye kivuli cha mwembe kila kipindi: mvulana anayetumia kiti mwendo, mikono yake ina nguvu kama ya fundi seremala, na binti mwenye ualbino ambaye macho yake hayavumilii jua na hayaoni kitu kidogo kikiwa mbali. Wa tatu ninayetaka umjue hakuwa na shida yoyote. Alikuwa bingwa wa rede, binti ambaye hagusiki, na alikuwa anachoka kwa sababu hakuna aliyempa kazi ya kufikiri. Darasa mchanganyiko ni pamoja na yeye.

Kabla ya kugeuza chochote, waache wote wacheze kama kawaida kwa dakika 5, pamoja na wale wa mwembeni, nawe uhesabu. Hesabu vitu viwili tu kwa kila mtoto unayemfuatilia: mipira iliyomlenga kwa nia ya kumgusa, na viganja vya mchanga alivyotia kwenye chupa. Siku ile bingwa alilengwa mara 21 na akajaza chupa mbili. Binti mwenye ualbino alilengwa mara 1, akaguswa, akatoka, akakaa dakika 4 zilizobaki. Mvulana wa kiti mwendo alilengwa mara 2, na mipira yote miwili ilirushwa kwa mkono wa chini, polepole, kama mtu anayempa mtoto mchanga chungwa. Watoto wanaujua mpira huo na sisi tunaujua: ni mpira wa huruma. Mchanga, sifuri, kwa sababu mkono wake haukufika chini.

Sasa tahadhari, na hii niliipata kwa kuharibu. Mwaka wa kwanza nilipojifunza njia hii nilibadilisha yote manne siku moja. Nikapanua uwanja, nikaondoa kutoka, nikaleta mpira laini wa sponji, nikagawa timu upya na kuwapangia kila mmoja jukumu. Hakuna aliyeguswa, hakuna aliyeshinda, na baada ya dakika 10 mvulana wa kiti mwendo aliniomba kwa adabu arudi kwenye mashati. Alikuwa na haki. Ule haukuwa rede tena. Badilisha jambo moja, cheza dakika 5, hesabu tena. Namba zikipanda, liache. Zisipopanda, rudisha ulivyokuta na uguse kidole kingine. Kipindi cha dakika 40 kinatosha mabadiliko mawili, matatu ukibanana.

Nilianza na kazi, kwa sababu kosa kubwa la rede lilikuwa hapo na lilimhusu kila mtu. Kanuni ya kutoka inamtoa kwanza yule anayehitaji mazoezi zaidi na kumbakiza asiyeyahitaji. Hata bila ulemavu wowote, mtoto mzito wa mwili hucheza sekunde 30 na kutazama dakika 10. Kwa hiyo kuguswa kukabaki kuguswa, lakini adhabu ikawa nyingine: ukiguswa unamwaga nusu ya mchanga wako, unaizunguka nguzo ya goli mara moja, unarudi. Inauma vya kutosha. Watoto walipiga kelele zile zile za kukana. Binti mwenye ualbino, katika dakika 5 zilizofuata, alilengwa mara 9 badala ya 1. Bado aliguswa mara 6, lakini sasa alikuwa na mipira tisa ya kujifunzia.

Halafu nafasi, na hapa nitakaa kidogo, kwani ndipo walimu wengi wanapopita haraka kwa kusema tu "tupanue uwanja."

Tazama mchezaji wa rede anavyokwepa. Anamkabili mrushaji, mpira ukija anaruka kushoto au kulia. Mvulana wetu naye alikuwa ameelekezwa hivyo hivyo, uso kwa uso na mrushaji, kwa sababu ndivyo wenzake wanavyosimama. Lakini kiti mwendo hakiendi ubavu. Kinakwenda mbele na nyuma. Akimkabili mrushaji, kusukuma gurudumu kunamsogeza kwenye mpira au kunamrudisha kwenye mstari ule ule wa mpira, na kugeuza kiti kunachukua muda kuliko mpira unavyochukua kufika. Alikuwa shabaha iliyofungwa. Basi tukakigeuza kiti robo duara, mrushaji mmoja akawa kwenye bega lake la kushoto na mwingine kwenye bega la kulia. Sasa msukumo mmoja wa mikono unampeleka mbele nusu mita na mpira unapita nyuma ya mgongo wake. Mvuto mmoja unamrudisha. Na kuna faida ambayo sikuitarajia: wenzake, kila mpira ukivuka, wanageuka mwili mzima kumkabili mrushaji wa upande wa pili. Yeye anageuza shingo tu.

Hilo lingeshindikana kwenye uwanja wetu wa kawaida, ulio na mchanga mwingi. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti huzama kwenye mchanga na kugeuka kando, na kadiri unavyosukuma ndivyo yanavyochimba. Dalili ni rahisi kuiona: mtoto anasukuma kwa mwili mzima, kiti kinainua mgongo lakini hakisogei. Tukahamia pale shule inapopanga mstari asubuhi, ambapo miguu ya miaka mingi imeikanyaga ardhi ikawa kama saruji. Mchanga wa kujazia tukaubeba kwenye beseni.

Jua nalo ni sehemu ya nafasi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua la asubuhi linatoka mashariki na la alasiri linakaa magharibi. Ukiwapanga warushaji mmoja mashariki na mwingine magharibi, kuna upande mmoja ambako mpira unatoka ndani ya jua, na mwenye ualbino haoni chochote ila mwako. Wapange kaskazini na kusini, jua linabaki pembeni kwa wote. Kivuli ni bora zaidi, lakini chagua kivuli cha jengo, usichague cha mti. Chini ya mwembe mwanga unapenya kwenye majani na kutapanya madoa meupe ardhini, na kwa mwenye uoni hafifu mpira unaopita katikati ya madoa hayo unapotea kama nzi. Kivuli cha ukuta kimetulia, rangi moja. Kofia yake iwe ya ukingo mpana kuzunguka kichwa, mikono ya shati mirefu, na kipindi kikiwezekana kiwe kabla ya saa nne.

Vifaa vilikuwa viwili tu, mpira na chupa. Mpira wa soksi wa shule huanza mweupe Jumatatu na kufikia Jumatano umekuwa rangi ya udongo wenyewe, hivyo tulikuwa tunamtaka binti aone kitu chekundu juu ya ardhi nyekundu. Tukaufunga kwa ukanda wa kitambaa cha njano kilichokatwa kwenye fulana kuukuu. Gharama yake ilikuwa sindano na uzi. Angalia rangi ya nyuma ya mpira pia: kama mnacheza mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, njano nayo inafifia, na hapo rangi ya bluu iliyokoza inaonekana zaidi.

Nilijaribu pia kuutia sauti, nikaweka punje za mahindi kwenye kichupa cha dawa katikati ya soksi. Haikufaa, na sababu inaeleweka. Mpira wa sauti hulia unapobingirika au kudunda. Ukiwa angani umetulia, punje nazo zimetulia. Katika goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, mpira una njuga ndani na matundu ya kutolea sauti, nao hubingirishwa sakafuni huku watazamaji wakinyamaza. Kama una mtoto asiyeona kabisa, basi badilisha kazi pamoja na kifaa: warushaji wote wabingirishe badala ya kurusha, na wasiocheza wanyamaze. Hapo mngurumo wa mahindi utamfikia. Kwa binti yetu aliyekuwa anaona kiasi, kilichosaidia kuliko sauti ya mpira ni sauti ya mrushaji. Kanuni ikawa kila mrushaji aseme "Mpira!" anapoachia, kwa mchezaji yeyote yule, na asiposema, mguso wake hauhesabiki.

Chupa ilituletea somo la peke yake. Mdomo wa chupa ya maji ni mwembamba, na kujaza mchanga kwa kiganja ni kazi ya vidole vilivyotulia. Kulikuwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mkono wake unatikisika. Alikuwa anachota kiganja kizima na kinachoingia ni punje. Kata sehemu ya juu ya chupa nyingine, igeuze kichwa chini, umepata faneli. Tukaweka mezani vyombo vitatu: chupa ya soda tupu, chupa yenye faneli, na kopo la mdomo mpana, vyote vya ujazo mmoja, na kila mtoto akachagua mwenyewe. Bingwa alichagua chupa ya soda bila kuambiwa. Beseni la mchanga tuliliweka juu ya kiti cha darasani, kimo cha magoti ya mvulana, na wengine nao wakachota hapo hapo badala ya kuinama chini. Hakuna aliyelalamika.

Kuhusu watu sitasema mengi. Viwanja vikawa 6 vya watoto 8, warushaji wawili na sita katikati, mipira sita iliyoshonwa na watoto wenyewe. Kwa rede ya uwanja mmoja na watoto 48 huwezi kumjumuisha hata asiye na ulemavu. Warushaji hubadilishana kila dakika 3, na mvulana wa kiti mwendo aliporusha tuligundua kwa nini nilisema ana mikono ya seremala. Bingwa alipewa duara la hatua mbili chini, na haruhusiwi kutoka humo; kwa mara ya kwanza aliguswa, akacheka, akazunguka nguzo mbio. Ila kuna mtu mmoja wa kumwondoa uwanjani kwa upole, naye ni rafiki mwema anayekisukuma kiti. Anasukuma kwa mapenzi, anakwepa vizuri, na mwenye kiti anakuwa abiria. Mpe mpira arushe.

Sasa kidole gumba. Swali la tano si langu wala lako, ni la mtoto mwenyewe: wewe unatakaje? Niliandaa kanuni kwamba mpira ukigonga gurudumu au chuma cha kiti usihesabiwe, kwa sababu kiti ni kipana na ni shabaha kubwa. Nikamwita pembeni nikamweleza, nikijua atafurahi. Akanitazama kidogo, akasema, "Hapana, mwalimu. Magurudumu ndiyo miguu yangu. Wakiyagonga, wamenigusa." Kanuni yangu ikafa hapo hapo. Tukakubaliana mguso uhesabiwe chini ya kiuno tu, magurudumu yakiwemo, na kwa watoto wote. Muulize akiwa peke yake, kabla ya kipindi, usimuulize mbele ya darasa, ambako atajibu kile anachodhani unataka kusikia.

Kanuni ya chini ya kiuno ilikuwa na kazi nyingine pia. Baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down wana ulegevu kwenye pingili za juu za shingo, na pigo la kichwa au kuanguka vibaya kunaweza kuwadhuru sana. Mwenye selimundu naye anaweza kupata maumivu makali akikimbia hadi kuishiwa maji mwilini. Mambo haya, yale maneno manne hayakwambii. Anakwambia mzazi na kliniki, na unatakiwa kuyauliza kabla hujachora mstari wa kwanza. Wala njia hii haitakuwezesha kuweka kila mtoto kwenye kila mchezo. Ken Black na Pam Stevenson, ambao ndani ya wigo wao wa ujumuishi njia hii imekaa, wameacha nafasi ya vikundi kucheza mchezo mmoja sambamba kwa viwango tofauti, na hata kufanya zoezi kando kwa muda fulani. Tofauti ya kando hiyo na mwembeni ni kwamba kule kuna mpira.

Wiki ya tatu nilihesabu tena. Dakika 5, uwanja wa tatu. Mvulana alilengwa mara 14, akaguswa mara 4, viganja 11 vya mchanga kwenye kopo. Mpira wa huruma haukuwepo hata mmoja, na hilo sikulifundisha. Ulikoma wenyewe siku warushaji walipoona kwamba anakwepa. Binti, ambaye siku hiyo alikuwa upande wa kivuli cha ofisi na mstari wa warushaji tuliuongeza kutoka hatua 8 hadi 10 ili apate muda wa kuona, alilengwa mara 12 na kuguswa mara 3.

Mpira wa mwisho alirusha bingwa. Aliita "Mpira!", akaachia chini chini, kwa nguvu, na mvulana akavuta magurudumu nyuma. Bingwa akanyanyua mikono: umegusa. Mvulana akasema haujagusa, umepita. Umegusa gurudumu, nimeona vumbi. Vumbi la kwako hilo, la mguu wako! Watoto sita wakawazunguka, watatu upande huu, watatu upande ule, kila mmoja akiapa kwa jina la mama yake, na mmoja akapiga magoti kukagua tairi kama fundi wa gereji. Kengele ikalia. Hawakuisikia. Chini ya mwembe mashati yalikuwa peke yake, na mbuzi wa jirani alikuwa ameshaanza na kola ya moja.